Pointi za Watu wa Nadivi

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, asubuhi, wakati mikate ya awamu ya pili ilikuwa bado tanurini. Ashmita aliitwa ghorofani ofisini huku foleni ya kaunta namba mbili ikiwa imefika kwenye rafu ya sabuni. Aliposhuka hakurudi kaunta. Alipita na mkoba wake begani, beji ya jina imeshatolewa kifuani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Peniasi karibu na mlango.

"Wamenisimamisha, Baba Peni," alisema. "Ijumaa anakuja mtu kutoka makao makuu, Suva. Asiponielewa, nisirudi tena."

Peniasi aliweka chini kadi alizokuwa akizipanga. "Umefanya nini?"

"Wanasema nawaibia wateja pointi."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Halafu akatoka, akavuka barabara kwenda kungoja basi upande wa bandari, na Peniasi akabaki na kitambaa chake cha bluu, kompyuta yake ya kubofya kwa kidole, na bango lililoandikwa kwa herufi za dhahabu: KARIBU VEILOMANI, KILA UNUNUZI UNA ZAWADI.

Ashmita hakuwa mwanawe, lakini mkewe Merewai alipokuwa mgonjwa, ni msichana huyu aliyekuwa akipeleka dengu na roti kila jioni bila kuambiwa, akakaa kitandani na kumchekesha. Merewai alifia gatini, akingoja boti ya wagonjwa iliyokosa mafuta. Wiki ile ile wakubwa walikuwa wakizindua ofisi mpya, wakakata utepe na keki. Tangu hapo Peniasi alikuwa na imani moja tu juu ya wakubwa: wakikukaribisha mezani, kagua kwanza kiti.

Na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikaribisha. Kirit, meneja wa duka, alimtoa kwenye kufunga mifuko akamweka mlangoni mwezi wa Januari, duka lilipoanzisha kadi za pointi. "Mzee Peni," alimwambia, "wewe unamjua kila mtu hapa Savusavu, na sauti yako inasikika hadi stendi. Vijana wa Suva wametuma karatasi ya maelezo, lakini nani atasoma? Wewe waeleze." Peniasi, aliyeishia darasa la sita, akaisoma ile karatasi kwa wiki nzima huku akisogeza kidole, akaimeza yote, masharti na manufaa.

Akapanda ofisini.

Kirit alikuwa amevua miwani, anajikanda macho. Mbele yake kioo cha kompyuta kilikuwa na mistari mingi ya rangi nyekundu.

"Najua umekuja kumtetea," alisema. "Kaa. Tazama. Hii ni akaunti moja. Mwanachama mmoja. Jumamosi peke yake imepata pointi mara ishirini na sita. Mchele, mafuta ya taa, nepi, ndoano za samaki, daftari, nepi tena. Mtu gani huyo?"

"Mwenye watoto wengi."

"Usinichekeshe, mzee. Ishirini na moja kati ya hizo zimepita kaunta namba mbili." Kirit alishusha sauti. "Unajua keshia wanafanya nini kwenye maduka mengine. Mteja hana kadi, keshia anabofya namba yake mwenyewe, au ya dada yake. Mteja anaondoka bila kujua, pointi zinaenda kwa keshia. Mashine ya Suva imefundishwa kunusa hilo. Ikinusa, inaifunga akaunti, inanipigia kelele mimi."

"Akaunti ni ya nani?"

"Hapo ndipo wananitia wazimu. Mimi hapa dukani naonyeshwa jina na tarakimu tatu za mwisho za simu, basi. Namba nzima iko Suva, eti siri ya mteja. Vasemaca N. Mwisho tatu moja nane." Akaigeuza skrini. "Aliandikishwa mezani kwako, Februari."

Peniasi aliitazama. Kina Vasemaca aliowaandikisha walikuwa kama dazani. Februari nzima watu walikuwa wakijaa mezani kwake kama nzi kwenye embe. "Ina pointi ngapi?"

"Elfu ishirini na nane na ushei."

Peniasi akapiga mluzi. Zawadi kubwa kuliko zote kwenye kijitabu ilikuwa friza refu la kulala, la kufunguka juu kama sanduku, na lilitaka elfu thelathini. Katika miezi yote hiyo hakuna mteja aliyelikaribia. Watu walikuwa wakichukua vocha za dola tano, wananunua kuku nusu, wanasahau.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema. "Nirudishe kufunga mifuko. Nitamjua huyo tatu moja nane."

Kirit alivaa miwani. "Na meza ya kadi?"

"Nitafanya vyote. Kwani wakubwa huwa wanauliza mtu ana mikono mingapi?"

Kwa hiyo Jumatano Peniasi alisimama mwishoni mwa kaunta namba mbili, mikono ikifunga mifuko, masikio yakiwa mdomoni mwa kila mteja. Foleni ikikatika kidogo anarudi mezani kwake kuwaita wanaoingia. Asubuhi ile alikuja mwanamume mmoja mnene mwenye gunia la mchele begani, akasimama mbele ya bango bila kulitua.

"Hii ya bure?"

"Bure kabisa. Jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Itakuingilia meseji yenye tarakimu sita, unanisomea, nazibofya hapa, unaondoka na kadi. Kila dola moja, pointi moja. Pointi mia tano, vocha ya dola tano."

"Hata sigara?"

"Sigara hapana. Wala muda wa maongezi, wala gesi, wala kulipia umeme."

"Umetaja vyote ninavyonunua. Mchele huu wa mama mkwe."

"Basi pointi atapata mama mkwe, mlete aandikwe. Na ukiona kibandiko cha manjano kwenye rafu, hiyo ni bei ya mwenye kadi tu. Huna kadi, unalipa ya juu."

Yule mwanamume akahamisha gunia bega. "Na ubaya wake?"

Peniasi alipenda wateja waliouliza hivyo, walikuwa wachache. "Mwaka mzima ukipita hujanunua kitu, pointi zote zinakufa. Kadi ni ya mtu mmoja, haiazimwi wala hairithiwi. Ukiisahau nyumbani, mtajie keshia namba ya simu kabla hujalipa, ukishalipa, umechelewa. Na wakishuku ujanja wanafunga."

"Na wao wanapata nini? Maana bepari hatoi mkate bure."

"Wanapata kujua unakula nini."

"Waniulize tu, nitawaambia bure." Akatua gunia, akatoa simu.

Wakati Peniasi anambofyia jina, alisikia kule nyuma, kwenye kaunta namba mbili, sauti ya mzee ikitaja namba polepole kama anasoma Zaburi, na mwisho wake ukawa tatu, moja, nane. Akamwacha yule mwanamume na tarakimu zake sita mkononi.

Alikuwa mzee mwembamba, miguu yake imekaukiwa na udongo mwekundu, amenunua makopo mawili ya samaki na lita ya mafuta ya taa. Keshia mpya alikuwa akitikisa kichwa. "Inakataa, babu. Inasema akaunti imesimamishwa."

"Haya, isimame tu, itachoka itakaa," alisema mzee bila wasiwasi, akalipa, akatoka.

Huyo hakuwa Vasemaca. Hata mashine ingeliona hilo.

Mchana akaja mama kijana mwenye mtoto mgongoni, nepi na maziwa ya unga. Tatu moja nane. Peniasi akamfungia mifuko yake taratibu kuliko kawaida.

"Namba hiyo ni ya simu yako, mama?"

"Hapana, ni ya pointi," alijibu yule mama, akimshangaa kama aliyeulizwa jua ni la nani.

"Ndiyo, lakini simu ni ya nani?"

"Kwani pointi zinapiga simu?" Akachukua mifuko, akaenda zake.

Alhamisi walikuwa wanne. Mmoja kijana wa timu ya raga, mmoja mke wa mchungaji, wawili dada waliokuwa wakibishana kuhusu bei ya sukari na wakaitaja namba ile kwa pamoja, mdomo mmoja, bila kukatisha ugomvi wao. Peniasi alikuwa amelala na kuamka na lile swali. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wezi hujificha, hawa walikuwa wakiitaja namba kwa sauti ya kanisani. Na kila mmoja, sasa alikumbuka, miguu yake ilikuwa na udongo ule ule mwekundu, ambao upande wa Savusavu hauko ila njia ya mlimani, ile inayopandwa na lori la kwenda kijiji cha Nadivi.

Nadivi. N.

Akavua aproni, akamwambia Kirit anaenda kununua tumbaku, akaingia sokoni.

Vasemaca wa Nadivi hakuwa mgumu kumwona. Alikaa pale alipokaa kila Alhamisi, mwisho wa meza za saruji, nyuma ya mafungu ya kome wa mtoni waliofunikwa kwa majani yenye maji. Alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini na kitu, ua sikioni, na simu kubwa imening'inia shingoni kwa kamba kama msalaba wa askofu. Watu wa kwao na watu wa kisiwa alikotoka Peniasi walikuwa watani tangu mababu, na kwa hiyo hakuna salamu iliyokuwa salama.

"Ona, ona," alisema Vasemaca kwa majirani zake wa sokoni. "Wala popo wamefika. Ficheni kome, hawa wakikosa popo wanakula na maganda."

"Nilitaka kuoga kwenu, nikakumbuka Nadivi hamna maji, ndiyo maana nikaja nimeoga."

"Kaa, mtani. Mjane wa kiume hasimami sokoni, watu watadhani unatafuta mke."

"Nimetafuta, nikakuta umebaki wewe, nikakata tamaa." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema, bila utani, "Vasemaca, nitajie namba yako ya simu."

Akaitaja. Mwisho wake ulikuwa tatu moja nane.

"Nani mwingine anaijua hiyo namba?"

"Nadivi nzima. Hata watoto wa shule wa darasa la kwanza. Ndiyo namba waliyojifunzia kuhesabu."

Peniasi akavuta pumzi. "Kwa nini?"

Vasemaca akamtazama kama anayetazama mtu aliyepoteza kofia ikiwa kichwani. "Wewe si ndiye uliyeniandikisha? Tulikuja lori zima siku ile, watu thelathini. Ukasema meseji itakuja, tarakimu sita, na isomwe upesi kabla haijakufa. Simu za wenzangu zote zilikuwa zimezimwa, maana kule kwetu mtandao unashika pale kwenye jiwe la juu ya kanisa tu, nani atembee nayo ikiwa hai? Yangu peke yake ndiyo ilikuwa ikifanya kazi, ya biashara. Ukaniandika mimi. Ukauliza jina la ukoo, nikakwambia andika Nadivi, inatosha."

Sasa Peniasi aliikumbuka siku ile: joto, lori, foleni, kicheko. "Nikawaambia wengine waje siku nyingine, na simu zao."

"Ulisema. Tukarudi nyumbani tukakaa ukumbini, tukazungumza. Mwenyekiti akasema, pointi hizi si soli hizi? Maana soli ni nini? Kila nyumba inatia chochote kwenye mkeka mmoja, anayehesabu ni mmoja, na kinachonunuliwa ni cha wote. Nani huko kwenu anaenda na mkeka wake nyumbani baada ya soli? Tukasema kila mtu akiandikwa peke yake, atapata kuku nusu. Tukisoli pamoja, tutapata friza. Tuliliona kwenye kijitabu chako, ukurasa wa nyuma." Akafunua majani, akanyunyizia kome maji. "Hawa wakipata jua la siku mbili wanaoza. Barafu tunainunua mjini, ikifika mlimani ni maji ya kunawa. Friza likikaa kwenye duka la ushirika, na jenereta la kanisa, kila nyumba inaweka samaki wake."

"Nilisema kadi haiazimwi. Nakumbuka kabisa nilisema."

"Ulisema, nasi tumeshika. Kadi haijaazimwa hata siku moja. Ipo nyumbani kwangu imetundikwa ukutani, karibu na picha ya marehemu mama, hakuna anayeigusa. Ulisema pia asiye na kadi ataje namba. Sasa tusio na kadi tunataja namba."

Ile karatasi ya Suva Peniasi aliimeza yote, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitii sentensi kwa sentensi na bado akaivunja yote.

"Na pia," aliendelea Vasemaca, sasa akiwa na ushindi kidogo, "ulisema mtu akikaa mwaka hajanunua, pointi zinakufa. Tukaona ni hatari kumwachia mtu mmoja. Tukiwa wengi, hazifi."

"Vasemaca. Nisikilize. Akaunti imefungwa tangu juzi."

"Nimesikia. Wamesema imesimama. Tulidhani ni hitilafu ya umeme."

"Si umeme. Wanadhani Ashmita, yule msichana wa kaunta ya pili, anaziiba. Kesho anakuja mtu wa Suva. Nisipomweleza ukweli, Ashmita hana kazi. Nikimweleza, nyinyi hamna friza. Masharti yanasema akaunti ni ya mtu mmoja, na ikitumiwa na wengine wanaweza kuzifuta pointi zote."

Vasemaca aliacha kunyunyizia maji.

"Ashmita," alisema. "Yule anayetusalimia kwa lugha yetu. Ndiyo maana tunapanga foleni kwake." Akakung'uta maji vidoleni. "Wewe ungefanyaje?"

"Mimi nimeshazika mtu mmoja kwa sababu waliojua boti haina mafuta walinyamaza," Peniasi alisema. "Lakini friza si langu."

"Basi usiseme kitu," alisema Vasemaca. Na kabla Peniasi hajafungua mdomo, akaongeza, "Si kazi yako kutusemea, mla popo. Tutasema wenyewe."

Mtu wa Suva alikuwa kijana aliyeitwa Rauluni, sulu yake ya kijivu, ile nguo ya kujifunga kiunoni, imepigwa pasi hadi mistari yake ingeweza kukata mkate, kompyuta ndogo kwapani. Alifika Ijumaa na basi la kivuko, akakaa ofisini kwa Kirit, akawa akizungumza kwa upole, jambo lililomfanya Peniasi amwogope zaidi. Ashmita alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati, mkoba mapajani.

"Hakuna anayekushtaki, dada," Rauluni alikuwa akisema. "Mfumo umeonyesha mwenendo. Mwenendo ndio tunaouliza. Namba hii uliibofya wewe mara nyingi kuliko mtu yeyote. Unaijua ni ya nani?"

"Wateja wanaitaja, naibofya. Hivyo ndivyo mlivyotufundisha. Hatukuambiwa tuulize kitambulisho."

"Kweli, hamkuambiwa," alikiri Rauluni, akaandika kitu.

Ndipo zikasikika hatua ngazini, nyingi, za watu wasiovaa viatu. Mlango ukabishwa kwa heshima. Wakaingia watu kumi na wawili wa Nadivi, wameoga, wamevaa vya Jumapili, yule mzee wa mafuta ya taa mbele, Vasemaca nyuma yake, na mikononi mwa mzee furushi la mizizi ya yaqona, ya kinywaji cha heshima, limefungwa kwa gazeti na utepe. Ofisi ilikuwa ndogo. Wakaketi chini wote, wakaijaza sakafu hadi chini ya meza. Rauluni, ambaye mama yake alimlea vizuri, akajikuta naye ameteremka kitini na kukaa sakafuni na sulu yake iliyonyooshwa. Kirit akafuata, magoti yakilia. Alikuwa ameishi Savusavu miaka yake yote, alijua la kufanya.

Mzee aliongea muda mrefu, kwa maneno ya zamani. Alisema watu wa Nadivi wamekuja kuomba radhi kwa duka, kwa msichana, na kwa Suva, maana wametumia namba moja watu wengi, hawakujua kwamba ni kosa, na aliyeadhibiwa hana sehemu yoyote ndani yake. Kila alichosema kilikuwa kama Vasemaca alivyosema sokoni. Kisha akalisukuma furushi mbele ya Rauluni.

Hapo kila mtu akamtazama Rauluni, naye akalitazama furushi. Peniasi, amesimama mlangoni, alijua kinachomchoma. Akiligusa, ameipokea radhi, na kwa desturi jambo limekwisha, hakuna wa kulifufua. Asipoligusa, arudi Suva akamweleze mama yake kwamba amekataa radhi ya wazee. Tatizo ni kwamba mashine ya Suva hainywi yaqona.

"Babu," Rauluni alisema mwishowe, "nikipokea, napokea kwa niaba ya nani? Mimi ni mtumwa tu wa ofisi."

"Pokea wewe," alisema mzee. "Ofisi itapokea kidogo kidogo."

Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wote, hata Ashmita, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Rauluni akaweka mikono yote miwili juu ya furushi, akatamka maneno ya kupokea kwa sauti ndogo, na Kirit akapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, kwa usahihi ambao watu wa Nadivi waliutambua kwa kutikisa vichwa.

Basi Ashmita alirudi kaunta namba mbili kabla ya chakula cha mchana. Rauluni mwenyewe aliandika kwenye kompyuta yake kwamba keshia hana kosa, kwamba hakufaidika na pointi hata moja, na akamsomea ili asikie. Ashmita alivaa beji yake. Alipompita Peniasi pale mlangoni alimgusa bega tu.

Lakini watu wa Nadivi hawakuinuka.

"Na zile pointi?" Vasemaca aliuliza.

Rauluni alipangusa vumbi kwenye sulu. "Mama, ninazo njia mbili tu kwenye mfumo huu. Niifungue akaunti iwe ya Vasemaca peke yake, na kuanzia leo mtu mwingine akiitaja itafungwa tena. Au niifunge moja kwa moja, pointi zifutwe. Hakuna njia ya tatu. Hakuna mahali pa kuandika kijiji. Panataka tarehe ya kuzaliwa."

"Nadivi ilizaliwa kabla ya Suva," alisema mzee.

"Ukiifungua iwe yangu," alisema Vasemaca polepole, "zile elfu ishirini na nane zinakuwa zangu?"

"Kwa mujibu wa masharti, ndiyo."

"Hapana." Alisema kwa haraka iliyomshangaza hata mwenyewe. "Niende nyumbani kwangu na mkeka wa soli? Watoto wangu watatembea wapi? Usinifanyie hivyo, mwanangu. Afadhali uzifute."

Peniasi hakujizuia. "Mnaona ujinga wa wakubwa? Anayesema kweli ananyang'anywa, na njia ya kutonyang'anywa ni kumgeuza mwizi kweli."

"Mzee Peni," alisema Kirit.

"Mimi nimesema tu, bosi. Mliniweka mlangoni niseme."

Rauluni hakukasirika. Alikaa akiitazama ile mistari myekundu, na Peniasi aliona, bila kutaka kuona, kwamba kijana huyu naye alikuwa amevutwa. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kitendawili. Akauliza nyumba ni ngapi. Akauliza nani anatunza hesabu ya soli, na kama kijiji kina akaunti ya benki, na nani wanasaini. Wakamjibu. Akauliza kama mtu anayenunua kidogo na mtu anayenunua kingi wangepata nafasi sawa kwenye friza, na wanawake wakamwonea huruma kwa swali hilo.

"Nitawaandikia Suva," alisema. "Nitaacha akaunti kama ilivyo, imesimama, haifi wala haiishi, mpaka wajibu. Mwaka haujapita, pointi hazitakufa kwa sasa. Niwaandikie nini hasa? Niambieni kwa maneno yenu, maana maneno yangu wameyazoea, hawayasomi."

Watu kumi na wawili walinong'onezana. Vidole vya Rauluni vilingoja juu ya vitufe. Chini, dukani, mashine ya kaunta namba mbili ililia, na sauti ya Ashmita ikasikika ikimwuliza mtu kama ana kadi.

Mwisho Vasemaca akajisogeza mbele, ua likiwa limelegea sikioni.

"Andika hivi," alisema. "Waambie bidhaa tulinunua sisi, tukalipa bei yenu, hatukukopa. Pointi mlisema ni shukrani kwa anayenunua. Tulionunua ni Nadivi, na tunaotaka friza ni Nadivi. Hakuna aliyetoa zaidi ya alichopaswa, wala aliyepata kisicho chake, na mashine yenu inasema kuna wizi. Basi watueleze, sisi tutasubiri: hapo nani kamwibia nani?"

Rauluni aliandika neno kwa neno, akabofya, ikaenda. Hiyo ilikuwa Agosti. Mzee wa mafuta ya taa, kila Jumamosi, akishalipa hupita mezani kwa Peniasi kuuliza kama Suva wamejibu.